Ovataimu inahesabiwaje? Wiki moja ya mfanyakazi wa korona, saa kwa saa

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio baada ya kipindi cha asubuhi. Msikilizaji wetu mmoja, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchakata mkonge ndani ya shamba moja la huku kwetu Tanga, aliandika hivi: "Mtangazaji, wiki ya Saba Saba nilifanya kazi sikukuu, nikabaki usiku, na Jumapili nikaitwa tena. Mwisho wa wiki nimelipwa saa 52 bei moja. Je, ni sawa?"

Hakuwa peke yake. Swali hilo tumelipata kutoka Korogwe, Muheza, Mkinga na Pangani, kwa watu wa viwandani, walinzi, wapishi wa hoteli na vijana wanaopakia mizigo. Jibu la haraka ni hapana, si sawa. Lakini jibu la haraka halikusaidii ukiwa umesimama mbele ya karani wa mishahara. Unatakiwa ujue hesabu yenyewe, ili ukiambiwa "haya ndiyo malipo yako" uweze kuonyesha ni saa ipi imekosewa na kwa shilingi ngapi.

Kwa hiyo tuifanye hesabu hiyo pamoja. Chukua kalamu na karatasi, au fungua kikokotoo cha simu yako.

Sheria ipi tunaizungumzia

Kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ukiwa umevuka bahari kwenda kufanya kazi Pemba au Unguja, huko wana sheria yao ya ajira, na hesabu za hapa usizibebe kama zilivyo.

Sheria ya Bara inaweka mipaka ya saa za kawaida katika kifungu cha 19. Saa za kawaida haziwezi kuzidi 9 kwa siku, haziwezi kuzidi 45 kwa wiki, na siku za kazi haziwezi kuzidi 6 kwa wiki. Mkataba wako unaweza kupanga pungufu ya hapo, lakini hauwezi kupanga zaidi. Viwanda vingi hugawa saa 45 kwa siku 6, na hapo ndipo inapotoka ile saa 7 na nusu kwa siku ambayo wengi mnaijua.

Saa unayofanya kazi juu ya saa zako za kawaida ndiyo saa ya ziada, au ovataimu. Na ovataimu nayo ina mpaka wake. Ukijumlisha saa za kawaida na za ziada, mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi zaidi ya saa 12 katika siku moja, na ovataimu isizidi saa 50 katika kila wiki nne. Tena lazima kuwe na makubaliano. Ovataimu si amri ya mnyapara anayefunga geti na kusema hakuna kutoka. Lakini angalia vizuri mkataba uliosaini, kwa sababu mara nyingi makubaliano hayo yameandikwa humo humo na mtu hakuyasoma.

Kwanza ijue bei ya saa yako moja

Hesabu yote inasimama juu ya namba moja, nayo ni mshahara wa msingi wa saa moja. Ukiikosea hiyo, kila kinachofuata kitakuwa kimekosewa.

Kama mkataba wako unataja malipo kwa saa, basi namba unayo tayari. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria imeweka kanuni katika jedwali lake la kwanza. Unachukua saa zako za kawaida kwa wiki, unazidisha kwa 4.333, ambayo ni idadi ya wiki katika mwezi kwa wastani, halafu unagawa mshahara wa mwezi kwa jibu hilo. Kwa mtu wa saa 45 kwa wiki, 45 mara 4.333 ni 195 kasoro kidogo sana. Kwa hiyo gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195.

Ushahidi wa namba hiyo unao hata kwenye viwango vya kima cha chini vya serikali. Katika amri iliyoanza kutumika Januari 2023, kima cha chini cha sekta ya kilimo kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na amri hiyo hiyo ikaandika shilingi 717.95 kwa saa. Gawa 140,000 kwa 195 uone. Viwango vipya vimeanza Januari 2026, na ukivitazama hakikisha unasoma mstari wa sekta yako.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Wapo makarani wanaogawa mshahara kwa 240, wakisema mwezi una siku 30 na kila siku saa 8. Mtu huwa anaiona hesabu hiyo ni ya kawaida, kumbe inahesabu hata siku ambazo hafanyi kazi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 234,000, akigawiwa kwa 195 anapata shilingi 1,200 kwa saa. Akigawiwa kwa 240 anapata shilingi 975. Hajaanza hata kudai ovataimu, na tayari kila saa imepungua shilingi 225.

Jambo la pili ni hilo neno "msingi". Mshahara wa msingi ni ule wa kazi ya saa za kawaida tu. Posho ya nyumba, ya usafiri au ya chakula haimo. Kwa hiyo kama unapokea 274,000 na ndani yake kuna posho ya 40,000, hesabu ya ovataimu inaanzia kwenye 234,000. Wengi hukosana na karani hapa kwa sababu wamegawa fedha yote waliyoshika mkononi.

Na wale wa kulipwa kwa kazi, kama wakataji wa mkonge, je? Nanyi mna bei ya saa. Sheria inasema mtu asiyelipwa kwa muda achukuliwe kama analipwa kwa wiki, na mshahara wake wa wiki upatikane kwa kuangalia alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Jumlisha malipo ya wiki hizo, gawa kwa 13, kisha gawa kwa saa zako za kawaida za wiki. Kama hujatimiza wiki 13 kazini, tumia wiki ulizofanya.

Bei nne za saa moja

Msikilizaji wetu alikubaliwa shilingi 1,200 kwa saa. Tutaitumia hiyo.

Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwake yeye, 1,200 mara 1.5 ni shilingi 1,800.

Saa ya usiku inaongezewa si chini ya asilimia 5. Usiku kwa mujibu wa sheria ni baada ya saa 2 usiku mpaka kabla ya saa 12 asubuhi. Magharibi ikiingia na taa za kiwanda zikawashwa, bado huo si usiku wa kisheria. Subiri saa 2. Asilimia 5 ya 1,200 ni shilingi 60, kwa hiyo saa ya kawaida ikiangukia usiku inakuwa 1,260.

Saa ya ziada inayoangukia usiku ndiyo inayokosewa zaidi. Watu huchukua 1,800 na kuongeza ile 60, wanapata 1,860. Sheria inasema wazi kwamba kama saa ya usiku ni ya ovataimu, asilimia 5 ihesabiwe juu ya bei ya ovataimu. Asilimia 5 ya 1,800 ni 90. Bei sahihi ni shilingi 1,890. Tofauti ni shilingi 30 kwa saa, ndogo kwa macho, lakini kwa kiwanda chenye watu wengi wa zamu ya usiku si fedha ndogo, na haiwi ya karani.

Saa ya siku ya mapumziko ya wiki, na saa ya sikukuu ya kitaifa, hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kwake ni shilingi 2,400.

Hizo ni bei za chini kabisa. Kama pale kazini kuna mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi, kwa mashamba mara nyingi ni TPAWU, huenda mkataba huo unatoa zaidi. Ukiwa na bei kubwa kuliko ya sheria, unafuata hiyo kubwa. Hauwezi kutoa pungufu.

Jumamosi si sikukuu, na Jumapili si lazima iwe mapumziko

Kabla ya kuingia kwenye wiki yenyewe, tusafishe jambo moja linaloleta ugomvi. Wengi huamini kwamba wikendi ina bei yake. Sheria haizungumzii wikendi kwa malipo. Inazungumzia mapumziko ya wiki, yaani angalau saa 24 mfululizo kati ya siku yako ya mwisho ya kazi na siku ya kwanza ya wiki yako inayofuata.

Kwa mtu anayefanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumamosi ni siku ya kawaida na inalipwa bei ya kawaida. Kwa mpishi wa hoteli ya Pangani ambaye ratiba yake inampumzisha Jumatano, Jumapili kwake ni siku ya kazi kama nyingine, na mara mbili yake iko Jumatano. Kwa hiyo usiulize leo ni siku gani. Uliza ratiba yangu inasema leo napumzika au la. Na ratiba hiyo uwe nayo kwa maandishi, kwa sababu isipokuwepo siku ya mapumziko huhamishwa kila mwajiri anapotaka.

Mapumziko hayo pia hayavunjwi kwa amri. Unafanya kazi ndani yake kama umekubali, na ukikubali ndipo mara mbili inapohesabiwa.

Sikukuu ni tofauti. Zile zilizoorodheshwa katika Sheria ya Sikukuu za Kitaifa zinalipwa mara mbili kwa kila aliyefanya kazi, hata kama ratiba yake ilimpanga kazini. Humo zimo Mwaka Mpya, Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, Siku ya Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, Uhuru tarehe 9 Desemba, Krismasi na siku inayofuata, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Maulidi na sikukuu za Idi.

Sasa wiki ya msikilizaji wetu

Yeye yuko zamu ya pili ya korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi. Jani likishakatwa halitakiwi kulala muda mrefu, likikauka nyuzi zinaharibika, ndiyo maana korona nyingi huendelea kunguruma mpaka usiku wakati mkataji ameshalala.

Zamu yake inaanza saa 9 na nusu alasiri na kumalizika saa 6 usiku. Katikati, kuanzia saa 1 mpaka saa 2 usiku, wanakula. Hiyo ni saa 8 na nusu ndani ya geti, toa saa moja ya chakula, zinabaki saa 7 na nusu za kazi. Saa ya mapumziko hailipwi kama kweli umepumzika. Lakini ukila huku unaambiwa usiondoke karibu na mashine, au mlinzi unakula huku unatazama geti, huko si kupumzika, na saa hiyo inalipwa.

Angalia ndani ya zamu hiyo. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 6 usiku ni saa nne, nazo zote ni za usiku kisheria. Kwa hiyo zamu moja ya kawaida inahesabiwa hivi: saa 7 na nusu mara 1,200 ni shilingi 9,000, kisha saa nne za usiku mara 60 ni shilingi 240. Jumla 9,240.

Ratiba yake ni Jumatatu mpaka Jumamosi. Saba Saba iliangukia Jumanne. Toa Jumanne hiyo, zinabaki zamu tano za kawaida. 9,240 mara tano ni shilingi 46,200.

Jumanne, Saba Saba, alifanya zamu nzima. Saa 7 na nusu mara 2,400 ni shilingi 18,000. Na zile saa nne za usiku hazipotei kwa sababu ya sikukuu. Kwa uchache anaongezewa 60 kwa kila moja, yaani 240. Jumla 18,240.

Alhamisi mkanda ulikatika, kazi ikachelewa, na wakakubaliana abaki mpaka saa 8 usiku. Hizo ni saa mbili juu ya zamu yake, na zote ziko usiku. Mbili mara 1,890 ni shilingi 3,780. Siku hiyo alifanya saa 9 na nusu kwa jumla, kwa hiyo hakuvuka mpaka wa saa 12.

Jumapili aliitwa kusafisha korona kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 1 usiku, saa tano. Tazama mapumziko yake yalivyokatika. Alitoka zamu ya Jumamosi saa 6 usiku, akapumzika saa 14, akaitwa. Alipotoka saa 1 usiku, zilibaki saa 20 na nusu kabla ya zamu ya Jumatatu. Hakuna mahali alipopata saa 24 mfululizo. Kwa hiyo saa tano mara 2,400, ni shilingi 12,000. Saa hizo hazizidishwi tena kwa moja na nusu. Zimeshapata bei yake.

Sasa jumlisha:

Zamu tano za kawaida: 46,200
Saba Saba: 18,240
Ovataimu ya Alhamisi usiku: 3,780
Jumapili: 12,000
Jumla ya wiki: shilingi 80,220

Yeye alilipwa saa 52 kwa 1,200, yaani shilingi 62,400. Pungufu ni shilingi 17,820. Hiyo ni karibu saa 15 za mshahara wake wa msingi, sawa na zamu mbili alizozifanya bure ndani ya wiki moja. Na angalia jambo hili: karani hakuiba saa hata moja. Saa zote 52 zimeandikwa. Kilichopotea ni bei. Ndiyo maana mtu anaweza kuhesabu saa zake kila wiki, akaziona ziko sawa, na bado akapunjwa mwaka mzima.

Na mlinzi wa saa 12?

Walinzi wengi wametuuliza: "Mimi naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, naambiwa huo ndio mkataba, hakuna ovataimu." Sheria inaruhusu mpango wa aina hiyo, lakini kwa masharti. Makubaliano yawe ya maandishi. Siku isizidi saa 12, na ndani yake imo saa ya chakula. Siku zisizidi tano kwa wiki. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni ovataimu, nayo isizidi saa 10 kwa wiki.

Kwa hiyo mlinzi anayelinda usiku sita au saba kwa wiki, saa 12 kila usiku, yuko nje ya mpango huo hata kama karatasi inasema vingine. Na asilimia 5 ya usiku haiondolewi na mpango huo. Kwenye zamu ya saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, saa 10 zote, kuanzia saa 2 usiku, zinaangukia usiku.

Kuna kundi ambalo kanuni hizi za saa haziwahusu. Ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kuitwa "msimamizi" kwa mdomo hakutoshi. Kama wewe ni kiongozi wa zamu unayeripoti kwa fomeni, naye fomeni anaripoti kwa mwingine, jina hilo halikunyang'anyi ovataimu.

Andika, na andika saa vizuri

Mashauri mengi ya ovataimu hufa kwa sababu mtu anakumbuka kwa ujumla. "Nilikuwa nabaki sana usiku" si hesabu. Kuwa na daftari dogo, au andika ujumbe kwenye simu yako kila ukitoka kazini: tarehe, saa ya kuingia, saa ya chakula kama ulipumzika kweli, saa ya kutoka, na nani aliyekuambia ubaki. Kama kuna daftari la mahudhurio na unaruhusiwa, lipige picha ukurasa wako kila wiki.

Hapo uwe makini na saa zenyewe. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, lakini daftari la kiwanda mara nyingi huandikwa kwa saa za mashine. Ukiandika "nimetoka saa 8" bila kusema usiku au mchana, karani anaweza kusoma saa mbili usiku, na saa zako za usiku zikatoweka. Saa 8 usiku kwenye daftari lao ni 02:00. Saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ni 00:00. Andika zote mbili, hutapoteza kitu.

Mwajiri naye ana wajibu. Anatakiwa kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yakiwemo saa za kazi na malipo. Anatakiwa pia kukupa karatasi ya mshahara inayoonyesha jinsi malipo yalivyopatikana. Na kuna jambo wengi hawalijui: shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha ulikubaliana nini unamwangukia yeye.

Siku 60

Anza na karani wa mishahara au ofisa utumishi, ukiwa na karatasi yako yenye mistari kama tuliyoifanya hapo juu. Makosa mengine ni ya kalamu, na mtu akionyeshwa 1,890 imetoka wapi hurekebisha. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mpitie kiongozi wenu. Afisa Kazi wa serikali naye ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi na kukagua kumbukumbu za mishahara.

Ikishindikana, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaifahamu kwa jina la CMA, ambayo ina ofisi Tanga mjini. Unajaza Fomu Namba 1 ya Tume, unampa mwajiri nakala, halafu unaipeleka Tume ukiwa na ushahidi kwamba amepewa. Kwanza mnasuluhishwa, mkishindwa kukubaliana, shauri linakwenda kwenye uamuzi.

Lakini kuna siku za kuangalia. Dai la malipo kama ovataimu linapelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali na anayepinga kuachishwa huko, ni siku 30. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ila lazima utoe sababu za maana, na Tume inaweza kukataa. "Nilikuwa nasubiri bosi atimize ahadi" ni maneno ambayo watu wengi wamefika nayo wakiwa wameshachelewa.

Kwa hiyo msikilizaji wetu wa korona asihesabu kuanzia siku atakayochoka. Ahesabu kuanzia siku ile alipopokea 62,400 badala ya 80,220, aweke alama kwenye kalenda ya siku ya 60, na ampelekee karani ile karatasi wiki hii. Akishindwa kuelewana naye, bado atakuwa na siku za kutosha kufika Tanga mjini.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, chukua malipo yako ya wiki iliyopita. Tafuta bei ya saa yako, weka alama kila saa iliyopita saa 2 usiku, kila saa iliyovuka zamu, na kila saa ya mapumziko au sikukuu. Hesabu ikigoma, tuandikie studio ukitaja saa za zamu yako na mshahara wako wa msingi. Jina lako halitasomwa hewani.